Kazi unayoikwepa ina hisia ndani yake: venye unaweza kuishughulikia bila kununua dayari ingine

Watu wengi wenye husukuma kazi mbele wanajiambia shida yao ni muda. Wananunua dayari, wanaweka alamu, wanajaza kalenda ya simu rangi tatu, halafu wiki mbili baadaye kazi iko palepale na alamu inazimwa kabla imalize kulia. Kama muda unao, kazi unaijua, na bado huifanyi, basi kuna kitu ingine unakimbia, na hiyo kitu ni venye hiyo kazi inakufanya ujisikie ukiikaribia. Ndio maana mwongozo huu hauna ratiba hata moja ndani yake.

Hii si maoni yangu tu. Mwaka 2001 Dianne Tice, Ellen Bratslavsky na Roy Baumeister, wanasaikolojia wa Marekani, walitoa utafiti wenye ndani yake watu waliambiwa watafanya mtihani wa hesabu na wakapewa muda wa kujiandaa. Kwanza watu wengine walitiwa huzuni. Halafu baadhi yao wakaambiwa kuna mshumaa wa kunukia hapo chumbani na harufu yake itafanya hisia zao zibaki vile ziko, yaani hata wafanye nini hawatajisikia vizuri zaidi. Wale wa huzuni wenye hawakuambiwa hivyo, na walikuwa na michezo ya kufurahisha karibu, ndio walipoteza muda mwingi kwa michezo badala ya kujiandaa. Wale walioamini hisia zao haziwezi kubadilika hawakusumbuka na michezo sana, juu haingewasaidia. Na pale vitu vya kupotezea muda vilikuwa vya kuboesha, hata wale wa huzuni hawakuvigusa sana. Muda ulikuwa ule ule kwa wote, kitu ilibadilika ni kama kukwepa kungewapa nafuu ama hapana.

Baadaye Fuschia Sirois na Timothy Pychyl (Pychyl amefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada) waliandika mwaka 2013 wakilieleza hili jambo waziwazi, kwamba anayeahirisha anachagua kujisikia vizuri sasa hivi na bili anamwachia yule mtu atakuwa kesho, ambaye ni yeye mwenyewe.

Sasa twende kwa kazi yenyewe. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ndio usipotee. Chukua mama mmoja wa South B ambaye ni mweka hazina wa chama cha wamama 15. Kila mmoja anatuma 2,000 kila mwezi kwa M-Pesa yake, yeye anapeleka benki, na kila baada ya miezi 6 anatakiwa kusoma ripoti mbele ya wenzake. Ripoti ingekuwa tayari mkutano wa juzi lakini aliomba muda, na mkutano wa kabla ya huo pia aliomba muda. Daftari liko juu ya kabati. Kazi ni ya jioni mbili, hata yeye anajua.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kukwepa kweli

Kabla ya kitu ingine, angalia sekunde chache za mwanzo. Chukua ile kazi mkononi, fungua daftari ama faili, halafu jiangalie mwili. Kuna watu tumbo linakaza, wengine shingo, wengine wanashikwa na usingizi wa ghafla saa nne asubuhi. Halafu funga na uweke mbali. Kama hapo hapo unaskia umepumua, yaani kuna kamzigo kametoka, hiyo nafuu ndio dalili kubwa, na ndio inakufundisha ukimbie tena kesho. Kila ukiweka daftari juu ya kabati mwili unapata zawadi, na kitu yenye inakupa zawadi utairudia. Ndio maana kazi yenye umeahirisha mara nyingi inakuwa ngumu kuanza kuliko ile mpya, hata kama ukubwa ni sawa.

Swali la pili la kujiuliza: ningepewa Jumamosi nzima, watoto wako kwa shosho yao, stima iko, ningeifanya? Yule mama wa South B alikuwa na Jumamosi kama hiyo. Aliosha mapazia. Kama jibu lako ni "ningeosha mapazia" basi endelea kusoma. Kama jibu ni "ndio ningeifanya na ningemaliza" basi shida yako kweli ni muda ama uchovu, na mtu anayetoka Industrial Area saa mbili usiku akasimama matatu mpaka nyumbani hahitaji kuambiwa anakimbia hisia, anahitaji kulala.

Hatua ya pili: tafuta mahali hasa hisia inaishi

Hapa ndio watu wengi wanaruka na hapa ndio kazi iko. Huwa tunasema "sipendi kufanya ripoti", lakini si ripoti nzima inauma. Kuna sehemu moja. Pitia kazi kichwani polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta jino lenye linauma kwa ulimi, na usimame pale mwili unastuka.

Mama wetu akipitia anaona hivi: kuandika majina, sawa. Kuandika tarehe za michango, inaboesha lakini sawa. Kujumlisha, sawa. Kulinganisha jumla na pesa yenye iko benki... hapo. Wamama 15 mara 2,000 mara miezi 6 ni 180,000, na kwa benki yeye anaona 171,500. Kuna 8,500 haionekani. Hajui imeenda wapi, na hajawahi kukaa chini kutafuta juu kila akifikiria anaona sura za wenzake wakimwangalia kama mwizi.

Sasa ipe hiyo hisia jina, kwa maneno ya kawaida, ikiwezekana uandike kwa karatasi. Usiandike "stres", hiyo ni gunia la kila kitu. Nimezoea kuuliza watu wachague kati ya hizi: nimeboeka, naogopa, naona aibu, nimekasirika, ama sielewi nianzie wapi. Kuandika jina peke yake kunatuliza kidogo, lakini sababu kubwa ya kufanya hivi ni kwamba dawa hazifanani. Mtu ameboeka unaweza kumwekea redio na kazi ikaisha. Mtu anaona aibu ukimwekea redio umemwongezea kelele tu.

Ile ya hasira watu husahau. Kuna kazi unaahirisha juu ulipewa bila kuulizwa, na kila ukiigusa unakumbuka venye ulipewa. Hapo hakuna mbinu ya kuanza itakusaidia mpaka useme na mwenye alikupa, hata kama ni kusema tu "nitaifanya lakini mara ingine niulize kwanza".

Na ile ya kutoelewa ni ya kuangalia sana, inajificha nyuma ya uvivu. Mtu anasema "mimi ni mvivu wa hii kitu" kumbe hajawahi kuonyeshwa venye inafanywa na anaona noma kuuliza. Ukigundua ni hiyo, hatua yako ya kwanza ni kupiga simu moja kwa mtu anayejua, si kukaa chini na daftari.

Mama wa South B aliandika: *naogopa wataona nimekula pesa, na sijui kama kweli nilikula bila kujua.* Hiyo sehemu ya pili ndio ilikuwa inamzuia. Na haikuwa inajulikana mpaka iandikwe.

Hatua ya tatu: tenganisha kazi na ile hukumu

Ukishaona hisia iko wapi, utagundua mara nyingi umefunga kazi mbili kwa kamba moja. Kwa mama wetu, kuna kazi ya kutafuta 8,500 imeenda wapi na kuna kazi ya kusimama mbele ya watu kueleza. Ya kwanza anaweza kuifanya peke yake jikoni na hakuna mtu atajua. Ya pili ndio inatisha, na kwa kuwa zimefungwa pamoja hata ya kwanza inatisha.

Kwa hivyo anaamua, na anaandika: "Leo natafuta tu. Simwambii mtu chochote leo, hata bwana yangu." Anajipa ruhusa kabisa kabisa ya kutofanya ile ya pili siku hiyo. Haijifichi milele, tarehe ya mkutano inajulikana, lakini leo haipo mezani.

Kwa kazi zingine inakuwa hivi: mwanafunzi ambaye hajafungua imeli ya mwalimu wake yenye maoni kuhusu tasnifu anaamua leo anasoma tu, hajibu, harekebishi. Mwenye anaogopa kupigia lendilodi kuhusu kodi ya miezi miwili anaamua leo anahesabu tu anaweza kulipa ngapi na lini, simu ni kesho. Unaona? Unaondoa kile kipande chenye kinahukumu na unabaki na kipande cha mikono.

Hatua ya nne: panga kwa hisia, usipange kwa saa

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi" unasaidia watu kutekeleza kuliko nia tupu. Wengi wakiutumia wanaandika saa: ikifika saa tatu nitaanza. Kwa mtu anayekwepa hiyo haitoshi, saa tatu itafika na hisia itafika nayo. Weka hisia yenyewe kama ndio ishara.

Mama wetu aliandika: "Nikiskia tumbo limekaza, sitasimama. Nitaweka kidole kwa mstari nimefika na nisome mistari mitatu zaidi." Mistari mitatu tu. Sababu ni kwamba ile hamu ya kutoroka inapanda kwa nguvu halafu inashuka yenyewe usipoifuata, na watu wengi hawajui inashuka juu hawajawahi kukaa mpaka waone. Wao hutoka ikiwa kileleni, kila mara. Ukikaa ukaiona ikishuka mara moja, hata mara moja, umejifunza kitu yenye hakuna mtu angekuambia ukaamini.

Angalia pia mwanzo wake. Hakusema "nitafanya ripoti". Alisema ataitisha stetimenti ya M-Pesa ya miezi 6 kupitia *334# na kungoja iingie kwa imeli. Basi. Hiyo haina mahali pa kuogopa. Siku iliyofuata ni kuprinti hapo saiba na kuchukua kalamu mbili, nyekundu na bluu. Kuanza kwa kitu chenye hakina hisia ndani yake kunakufikisha karibu na kile chenye kinayo, na ukishakuwa hapo karibu huwa si kubaya sana venye ulifikiria ukiwa mbali.

Hatua ya tano: ondoa njia tamu ya kutorokea

Kumbuka ile michezo ya jaribio la 2001. Mtu mwenye moyo umechafuka hutafuta kitu cha kumpa nafuu, na kama kilichoko ni cha kuboesha, nafuu haipo na hakuna haja ya kwenda. Kwa hivyo simu iende chumba kingine, na ukiihitaji kwa hiyo kazi (ndio maana stetimenti iliprintiwa) tafuta njia usiihitaji. TikTok na stetasi za WhatsApp ni nafuu ya sekunde mbili, hakuna daftari litashindana nazo tumbo likiwa limekaza.

Lakini simu si ndio hatari kubwa, naomba ulishike hili. Hatari kubwa ni kutoroka kwenye kunafanana na kazi: kuosha mapazia, kupanga sufuria, kununua daftari jipya ndio "nianze vizuri", kuandika tena mpango wa kufanya ile kazi. Hizi zinakupa nafuu na zinakupa sifa pia, mtu akiingia anakukuta unafanya kitu. Venye unaweza kuzitambua: jiulize hii kitu ningeifanya leo kama ile ingine haingekuwepo? Mapazia yangengoja hadi Desemba.

Na kusoma kuhusu kuahirisha ni moja yazo, kwa hivyo kama kuna daftari lako juu ya kabati sasa hivi, soma hatua moja kwa siku.

Hatua ya sita: ukianguka, jisamehe mapema

Utaanguka. Utafungua, utakimbia. Kinachofuata hapo ndio kinaamua kama utarudi kesho ama mwezi ujao.

Watu wa kwetu tumelelewa kujichapa, tunaamini ukijiongelesha vibaya ndio utaamka. Lakini fikiria venye inafanya kazi: kazi ilikuwa na woga ndani. Umekimbia, sasa umejiita mjinga na mzembe, kwa hivyo kazi ina woga na aibu ndani. Umeongeza kile kitu ulikuwa unakimbia. Mwaka 2010 Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo waliokuwa wameahirisha kusomea mtihani wa kwanza. Wale waliojisamehe kwa hilo hawakuahirisha sana kama wale hawakujisamehe walipokuwa wakijiandaa kwa mtihani uliofuata, na sababu ilikuwa kwamba zile hisia mbaya zilipungua.

Kujisamehe si kusema "haina noma". Kuna sehemu mbili. Kwanza unakiri kwa maneno kamili: jana nilifungua daftari, nikaogopa, nikafunga, na wenzangu wanangoja. Pili unasema kile ungemwambia dada yako angekuja na hiyo hadithi: uliogopa, ni kawaida, ulifika mstari upi? Hilo swali la mwisho ni muhimu, linakurudisha kwa karatasi. Kama msamaha wako hauishii kwa "ulifika wapi" basi angalia isije ikawa nayo ni njia ingine ya kutoroka.

Sasa ile 8,500

Jioni ya kwanza alipiga mstari wa bluu kwa kila mchango ulioingia. Akaona wamama wawili kila mmoja hakutuma mwezi mmoja, wakasema wataongeza baadaye, hawakuongeza. Hiyo ni 4,000. Alikimbia hapo, akapika, akarudi. Jioni ya pili akachukua kalamu nyekundu kwa pesa zilizotoka, akakuta alitoa 3,000 mwezi wa matanga ya mwenzao mmoja, wakakubaliana kwa simu ikodishwe tenti, na hakuna mtu aliandika popote. Ikabaki 1,500. Akajumlisha ada za kutuma benki na za kutoa, ikafika 1,100. Ikabaki 400 yenye hakuipata.

Hapo tumbo lilikaza tena, juu alitaka iwe sifuri. Hii nimeona kwa watu wengi, mtu anafika karibu na mwisho halafu anasimama kwa sababu haijakuwa safi kabisa. Aliandika mstari mmoja kwa ripoti: 400 haijapatikana, nitailipa. Halafu ile kazi ya pili, ya kueleza watu, aliipunguza pia kwa kumpigia kwanza mwenyekiti, mtu mmoja, kabla ya mkutano. Kumwambia mtu mmoja ni rahisi kuliko kumi na wanne, na mwenyekiti alikumbuka ile tenti kabla hata amalize kueleza.

Sitaki kukudanganya kwamba kila mara unakuta ni 400. Kuna mtu akitafuta atakuta kweli alichukua ile pesa ya chama akalipa karo akisema atarudisha. Hapo hofu haikuwa ya uongo, na kuitenganisha na kazi hakutaiondoa. Hatua ni zile zile mpaka ya tatu, lakini kazi yenyewe inageuka kuwa ya kupanga kulipa, kiasi na tarehe, na kwenda na huo mpango mkononi badala ya kwenda na machozi peke yake.

Utajuaje inafanya kazi

Usingoje hofu iishe, itakuja kila ukifungua. Pima kitu ingine: kutoka ukimbie hadi urudi, inachukua muda gani? Kwa mama wetu ilikuwa miezi, ikawa siku, ile jioni ya kwanza ikawa muda wa kupika ugali na sukuma. Huo ndio umbali wa kuangalia. Kama baada ya wiki kadhaa umbali haupungui, rudi hatua ya pili, kuna uwezekano jina ulilipa si lenyewe, uliandika "nimeboeka" na ni aibu.

Na kuna wakati hii yote si ya kwako. Kama hata vitu ulikuwa unapenda umeviacha, hulali ama unalala mchana kutwa, kuoga kumekuwa mlima, hiyo inaweza kuwa msongo mkubwa wa mawazo, na kama tangu utotoni hujawahi kumaliza kitu hata zile unazipenda, inaweza kuwa ni venye ubongo wako unashika umakini. Zote mbili zina matibabu. Nenda kliniki ya afya ya akili ama muone daktari, na ukifika mwambie hivi hivi: naikaribia kazi, naskia hivi mwilini, halafu nafanya hivi.